Kidoa kilichopotea usiku wa hina: uchambuzi wa kisa kimoja cha kamera ya simu

Usuli

Nahariri picha hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa ni albamu za shughuli za harusi zinazofanywa na wanawake peke yao. Mwanamume haingii huko, na mara nyingi wageni huombwa waziache simu zao mlangoni. Picha hupigwa na mpambaji wa bibi harusi au msaidizi wake, kwa simu, kisha huletwa kwangu kwa kuwa ni mwanamke na familia zinajua faili hazitoki kwenye kompyuta yangu. Mpango huo una stara, lakini una hatari yake: simu moja ndiyo kamera pekee iliyokuwepo. Ikikosea, hakuna mwingine wa kumwendea umwombe picha zake.

Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya familia na ya mpambaji. Majina, mtaa, tarehe na aina ya simu nimeviondoa. Simu yenyewe ilikuwa ya bei ya kati, haijatimiza mwaka, na kamera yake ya nyuma huhifadhi picha za megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000. Ukubwa huo unatosha kabisa ukurasa wa A4, ambao kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi unahitaji takriban 3508 kwa 2480. Kwa hesabu hiyo hapakuwa na sababu ya picha kushindwa.

Shughuli zilikuwa tatu. Alhamisi usiku ilikuwa hina, nyumbani, katika nyumba ya Mji wa Kale yenye kuta nene na madirisha madogo. Ijumaa ilikuwa nikaha, ya wanaume, haikutuhusu. Jumamosi usiku bibi harusi alitolewa nje, katika ukumbi ulio ng'ambo ya daraja la Nyali. Kati ya Alhamisi na Jumamosi tulikuwa na siku moja, na hiyo ndiyo iliyotuokoa nusu.

Ijumaa asubuhi

Mpambaji aliniletea picha 64 za usiku wa hina kwa WhatsApp, na ujumbe wa sauti: "Shoga, hebu nitolee moja kubwa, mamake bi harusi ataka kuiona kabla hatujaendelea." Nilichagua picha ya bibi harusi ameketi, mikono yote miwili mbele, hina nyekundu na piko jeusi, leso ya njano mabegani. Kwenye skrini ya simu ilikuwa picha nzuri. Nikaitoa kwa A4 kwenye printa yangu ya wino.

Karatasi ilipotoka, uso ulikuwa kama wa sanamu ya dukani. Macho yalikuwa makali, kope zilihesabika, midomo ilikuwa na ukingo safi, lakini kati ya jicho na mdomo hapakuwa na kitu. Shavu lilikuwa rangi moja iliyopakwa. Mamake alipoiona hakusema lolote kuhusu ubora. Aliweka kidole kwenye shavu la kushoto akaniuliza, "Mwanangu, kidoa chake ki wapi?"

Binti yake ana kidoa cheusi cha kuzaliwa, kidogo kama punje ya uwatu, chini ya jicho la kushoto. Kwenye picha pale palikuwa na kivuli hafifu tu, ambacho nisingekitambua kama nisingeambiwa.

Dhana ya kwanza, na kosa langu

Nililaumu WhatsApp. Ndiyo desturi yetu sote, na mara nyingi tunakuwa sahihi: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na faili nilizopokea zilikuwa pikseli 1600 kwa 1200. Ukizitandaza kwenye A4 unapata nukta kama 137 kwa inchi, chini ya nusu ya zinazotakiwa. Kuchagua `HD` husaidia lakini bado faili hubanwa. Ukitaka faili ifike kama ilivyo unaituma kwa `Document`, au unaitoa kwa waya.

Nikamwambia mpambaji aje na simu yake na waya. Tukahamisha zile 64 zikiwa kamili, 4000 kwa 3000, nikaitoa tena picha ileile. Hina ilikuwa nzuri zaidi, unaona hata mahali piko lilipopasuka kidogo kwenye kifundo. Uso ulibaki vilevile, plastiki.

Hapo ndipo nilipopaswa kuanzia. Nilipoteza kama saa moja na nusu kwa sababu nilitafuta kosa mahali nilipolizoea. Kidokezo kilikuwa wazi tangu karatasi ya kwanza: kubanwa kwa faili hakuchagui. Faili iliyobanwa huharibu kope, nyuzi za leso na ngozi kwa pamoja. Iliyonifikia ilikuwa na kope zilizonyooka na ngozi iliyofutika.

Leso ina nyuzi, uso hauna

Nikafungua faili kwa ukubwa wake halisi, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini, nikalinganisha vitu vitatu vilivyokuwa umbali mmoja na kamera. Ukingo wa leso begani: nyuzi zinaonekana, na pindo limeshonwa kwa mashine, mshono unahesabika. Mkono: mistari ya ngozi kwenye vifundo vya vidole ipo. Uso: hakuna matundu ya ngozi puani, hakuna malaika, vile vinywele laini vya mwilini, kwenye taya, na pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso, zile fupifupi laini zimeyeyuka zikawa kama moshi.

Ulinganisho huu ni wa dakika moja na sijaona unaoushinda. Kama nguo na uso vyote vimefifia, tatizo ni fokasi, mtikisiko, mwanga hafifu, kubanwa kwa faili, au lenzi yenye alama za vidole. Hili la mwisho ni la kwanza kuliangalia kwa wapambaji, kwa sababu mikono yao ina fondesheni na mafuta mchana kutwa. Lakini nguo ikiwa kali na uso ukiwa laini katika umbali uleule, basi kuna kitu kilichoutambua uso kikaushughulikia peke yake. Lenzi haijui uso ni nini. Programu ya kamera ndiyo inayojua.

Ishara ya pili ilikuwa rangi. Uso ulikuwa mweupe kuliko shingo na mikono. Ishara hii peke yake singeitegemea, kwa sababu fondesheni isiyolingana nayo hufanya hivyo, na kwa kweli nilimtuhumu mpambaji kimoyomoyo. Yeye alikana, akaniambia amechanganya rangi mbili akazijaribu kwenye shingo kwanza. Alikuwa anasema kweli.

Inafaa kueleza kifupi kinachotendeka ndani. Kamera hutafuta uso, huweka alama sehemu zenye ngozi, kisha husawazisha tofauti ndogondogo za mwanga na giza katika sehemu hizo. Ikikuta tofauti kubwa, kama ukingo wa jicho au mdomo, huiacha. Ndiyo maana picha hudanganya kwenye skrini ndogo: vile vitu ambavyo jicho huvitazama kwanza vimebaki vikali. Tundu la ngozi ni tofauti ndogo, hufutwa. Malaika ni tofauti ndogo, hufutwa. Kidoa cha bibi harusi kilikuwa katikati: kidogo, na usiku ule kilikuwa chini ya tabaka jembamba la fondesheni, kwa hivyo kilihesabiwa kama kasoro. Baada ya hapo huja hatua ya kung'arisha, inayopandisha mwanga wa ngozi ya uso. Yote haya huisha kabla faili haijahifadhiwa. Katika kumbukumbu ya simu ile hapakuwa na picha nyingine ya kabla ya kulainishwa.

Kuzima, na kuzima tena

Tuliketi na mpambaji karibu na dirisha, saa nne asubuhi, mwanga wa kutosha. Msaidizi wake akawa mfano, hana hata wanja, leso imezungushwa shingoni. Simu tuliiegemeza kwenye mkebe wa biskuti, kama sentimita 60 kutoka usoni, ili isitikisike na umbali usibadilike.

Picha ya kwanza tuliipiga kama simu ilivyokuwa. Kisha tukagusa kialama cha fimbo ya mazingaombwe pembeni ya skrini, tukakuta `Beauty`, yaani urembo wa kamera unaolainisha uso, iko 40 kati ya 100. Mpambaji aliapa hajawahi kuigusa, na namwamini. Simu nyingi hutoka dukani ikiwa tayari imewashwa. Tukairudisha sifuri, tukapiga ya pili.

Ya pili ilikuwa afadhali, lakini si safi. Malaika za taya zilirudi, ila uso ulikuwa bado mweupe kuliko sikio. Nikafungua vitelezi vya ndani, kwa sababu kile cha juu ni cha jumla na chini yake kuna vingine: `Smooth`, `Whitening`, `Slim`. `Smooth` ilikuwa sifuri, `Slim` sifuri, `Whitening` ilikuwa imebaki 25. Kwa simu ile, kitelezi cha jumla hakikukigusa. Tukakishusha, tukapiga ya tatu. Sasa sikio na shavu vilikuwa vya mtu mmoja.

Nikadhani tumemaliza. Mpambaji akasema, "Basi ngoja nipige kama nipigavyo mimi," akatelezesha kidole hadi `Portrait`, ile modi inayofifisha ukuta wa nyuma. Picha ikatoka plastiki tena.

Modi ya `Portrait` ilikuwa na vitelezi vyake yenyewe, na kila kimoja kilikuwa pale kiwanda kilipokiacha. Nilipomuuliza, picha zote 64 za usiku wa hina alizipiga kwa modi hiyo, na ndiyo anayoitumia kila siku. Kama angekuwa si mtu wa kujaribu kitu kwa mkono wake, tungeenda ukumbini Jumamosi tumezima kamera ambayo haitumii.

Kuanzia hapo tulihesabu milango yote. Kamera ya nyuma ilikuwa na modi tatu zenye urembo: picha ya kawaida, `Portrait`, na video. Kamera ya mbele ilikuwa na tatu zake, zikikumbuka mipangilio yake bila kujali ya nyuma. Jumla ni sehemu sita za kuzima, katika simu moja. Tukafunga programu ya kamera kabisa, tukaifungua upya, tukakagua zote sita. Kitu kimoja kilikuwa kimerudi: programu ilifunguka kwenye picha ya kawaida badala ya `Portrait`, lakini vitelezi vilibaki sifuri. Si kila simu inafanya hivyo. Kwenye Samsung, kwa mfano, kuna sehemu ya mipangilio inayoitwa `Settings to keep` ambapo unaiambia kamera ikumbuke nini ikifungwa. Kwenye Pixel chaguo linaitwa `Face retouching`, na Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba katika simu zake mpya litakuwa limezimwa tangu mwanzo. Kamera ya iPhone yenyewe haina kitelezi cha namna hii. Ila ukipiga picha ndani ya programu ya mitandao ya kijamii badala ya kamera ya simu, programu hiyo ina vichujio vyake, na kuzima kwako kote hakuifikii.

Ukubwa wa faili ulitupa ushahidi wa pembeni. Picha ya kwanza ilikuwa MB 3.2, ya tatu MB 4.5, mtu yuleyule, mwanga uleule. Ngozi yenye undani ni vigumu kubanwa kuliko ngozi tupu, kwa hivyo faili hunenepa. Haithibitishi kitu peke yake, maana ukuta wenye nakshi nao hunenepesha faili, lakini kwa picha mbili za mahali pamoja ni dalili nzuri.

Maamuzi ya Jumamosi

Jambo la kwanza lililojadiliwa ni kama tupige kwa RAW. Faili zake, za `DNG`, hutoka kwenye kihisio kabla ya urembo wowote, na ningekuwa na amani nazo. Niliikataa kwa kazi hii. Faili moja ya megapikseli 12 hufika karibu MB 24, simu ilikuwa na nafasi ya GB 9 tu iliyobaki, na kwa modi ile simu haiunganishi picha kadhaa ili kupunguza chenga, vile vitone vinavyojitokeza penye mwanga hafifu, kwa hivyo usiku zingekuja na chenga nyingi ambazo kila moja ningeisafisha kwa mkono. Juu ya hayo, mpambaji angekuwa anarekebisha mtandio, anafuta jasho, anapiga picha, yote kwa wakati mmoja. Kumpa modi asiyoijua usiku wa kazi ni kumtafutia aibu.

La pili lilikuwa zito zaidi: bibi harusi anataka kuonekanaje? Mpambaji aliogopa, na kwa haki, kwamba akiona matundu ya ngozi yake ataona kazi ya upambaji ndiyo mbovu. Tukakubaliana picha zipigwe bila urembo, bibi harusi asionyeshwe simu ukumbini, na aone nakala nilizozihariri. Faili za asili zingebaki kwenye folda ya peke yake, hazifunguliwi kuhaririwa, zinanakiliwa tu. Msingi wa uamuzi huo ni mmoja: kulainisha naweza kufanya baadaye, kiasi ninachotaka, mahali ninapotaka. Kuondoa ulaini uliokwisha chapwa ndani ya faili siwezi.

La tatu lilikuwa mwanga. Niliangalia taarifa zilizomo ndani ya picha za Alhamisi nikakuta ISO, yaani kiasi ambacho kamera hukuza mwanga inaoupata, kati ya 1250 na 2000. Hata kama urembo ungezimwa, simu ingesafisha chenga kwa nguvu, na usafishaji wa chenga nao hula ngozi. Kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hula zaidi, kwa sababu undani wake uko kwenye sehemu zenye mwanga mchache, ambako chenga na vinyweleo vinakaribiana kwa ukubwa. Nikamwomba mpambaji taa yake ya duara aisogeze kutoka mita mbili hadi mita moja. Kupunguza umbali nusu kunaongeza mwanga karibu mara nne, na ISO inashuka kutoka 2000 hadi karibu 500 bila kubadilisha kingine. Ni taa ileile aliyokuwa nayo Alhamisi, imesimama mbali tu.

Yaliyotokea ukumbini

Picha zilizopigwa zilikuwa 131. Za mwanzo, kama 90, zilizopigwa kitini chini ya taa ya duara, zilikuwa ndizo nilizotaka. Nyusi zina nywele, si rangi. Jasho la Mombasa lipo juu ya mdomo, dogo. Kidoa kipo.

Baadaye taa za ukumbi zilipunguzwa kwa ajili ya ngoma, na bibi harusi akasimama kucheza na mashangazi zake. Taa ya duara haikumfuata. Picha 30 hivi za wakati huo zilirudi ISO 2500 na zaidi, na nyuso zimelainika. Nilipozifungua moyo ulinidunda, nikidhani kitelezi kimejirudisha. Nikatazama leso na vitambaa: navyo vilikuwa vimefifia kama uso. Kwa hivyo halikuwa suala la urembo. Huo ndio usafishaji wa chenga ninaousema, na dawa yake ni mwanga.

Picha 11 zilizobaki ndizo zinazoniudhi mpaka leo. Msaidizi alipiga picha za pamoja kwa simu yake mwenyewe, kamera ya mbele, yeye na bibi harusi na somo wake. Simu ile hatukuikagua kabisa. Tulizima sehemu sita za simu moja tukasahau kwamba chumbani kulikuwa na simu mbili zilizoruhusiwa. Katika picha hizo somo, mama mtu mzima wa miaka sitini na kitu, amekuwa msichana. Alicheka sana alipoziona. Familia haikucheka.

Matokeo

Albamu ilitoka na kurasa 24. Picha za kiti zilichapwa ukurasa mzima. Za ngoma nilizichapa ndogo, nne kwa ukurasa, na hakuna aliyezilalamikia, kwa sababu mtu akicheza macho yetu hayamtafuti matundu ya ngozi.

Za usiku wa hina zilinisumbua zaidi. Nilijaribu mambo ambayo kila mhariri hujaribu. Niliongeza ukali: kope zikawa sindano, shavu likabaki tupu, kwa sababu ukali hukuza tofauti iliyopo na pale hapakuwa na tofauti. Niliongeza chenga bandia: ukitazama kwa mbali inasaidia, plastiki inapungua, lakini ukiinama juu ya ukurasa unaona mchanga umemwagwa juu ya rangi. Mwishowe nilizichapa kwa sentimita 10 kwa 15, na katika kurasa mbili nikakata picha zibebe mikono tu. Hina ilikuwa kamili, maana urembo wa simu ile haukugusa mikono.

Mamake alitaka ile ya kwanza iwe kubwa, na iwe na kidoa. Hapa nilisita. Nilikuwa na picha za Jumamosi za shavu lilelile, mwanga wa upande uleule, kwa hivyo ningeweza kupandikiza ngozi ya Jumamosi kwenye uso wa Alhamisi. Nilifanya hivyo kwa picha moja tu, kwa ombi la mama na idhini ya binti. Kidoa nilikipima kwa kulinganisha umbali wake na pembe ya jicho. Nikawaambia wote wawili kwamba shavu hilo ni kazi yangu, si la usiku ule, na faili nimeiita jina linalosema hivyo. Wameridhika. Mimi naiona kama kiraka kilichoshonwa vizuri.

Bibi harusi, alipoona nakala za Jumamosi, alilalamikia vipele viwili vya kidevuni. Niliviondoa, kwa kuwa vipele hivyo wiki ijayo havipo. Matundu ya ngozi nikayaacha. Aliuliza kama naweza kumfanya "kama ile ya simu." Nikamwekea nakala moja iliyolainishwa kidogo na moja isiyolainishwa, ukubwa wa A4, mezani. Alichukua isiyolainishwa, ingawa nadhani mamake kusimama nyuma yake kulichangia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kutoa picha moja kubwa mapema. Kosa hili halionekani kwenye skrini ya inchi sita, na kwa muda wote mpambaji alioitumia simu ile hajawahi kuambiwa na mteja hata mmoja. Wateja wake huangalia picha kwenye simu. Karatasi ya A4 iliyotoka Ijumaa badala ya wiki mbili baada ya harusi ndiyo iliyotupa Jumamosi.

Cha pili ni kumwacha mpambaji apige jinsi anavyopiga yeye. Mimi nilikagua kamera kama mtu anayekagua mashine: nafungua mipangilio, nashusha, natoka. Modi ya `Portrait` nisingeifikia. Sasa nikimfundisha mtu kuzima urembo simshiki simu. Namwambia anipige mimi, na natazama kidole chake kinapita wapi.

Kilichoshindwa kwanza ni utambuzi wangu. Nilikuwa na ushahidi wote kwenye karatasi ya kwanza nikaenda kwenye mazoea. Pamoja na hayo, sikubaliani na wenzangu ambao sasa kila picha laini wanaiita urembo. Mwaka 2018 watu wengi waliituhumu iPhone XS kuwa ina urembo wa siri kwenye kamera ya mbele. Ilipochunguzwa, tatizo lilikuwa namna simu ilivyochagua picha ya msingi wakati wa kuunganisha picha kadhaa, ikachukua iliyotikisika, na lilirekebishwa kwa toleo la iOS 12.1. Hapakuwa na kitelezi cha kuzima. Zile picha 30 za ngoma zingenipeleka njia hiyohiyo kama nisingetazama nguo kwanza.

Kilichoshindwa pili ni simu ya msaidizi, na hilo ni kosa la kupanga, si la ufundi. Tulifikiria kuhusu kamera wakati tulipaswa kufikiria kuhusu watu watakaopiga picha.

Kuna jambo ambalo bado tunabishana, mimi na mpambaji. Yeye anaona 10 kati ya 100 ya `Smooth` haina madhara na humpa mteja furaha papo hapo. Nilijaribu na simu yake: kwa 10, matundu makubwa ya puani hubaki, lakini malaika za taya zinaanza kukatika, na kidoa cha ukubwa ule kinapoteza ukingo. Kwa picha ya kutuma kwenye simu haina neno. Kwa faili ambayo ndiyo ya pekee, nataka sifuri. Amekubali sifuri kwa harusi na kujiachia 10 kwa picha zake mwenyewe, jambo ambalo linamaanisha kila kazi lazima akumbuke kurudisha.

Ili kukumbuka, amejiwekea utaratibu. Kabla bibi harusi hajaketi, anafuta lenzi kwa pindo la leso, anampiga msaidizi picha moja na leso ikiwa shavuni, kwa modi atakayotumia, anaikuza, anatafuta nyuzi na malaika kwa pamoja. Msaidizi naye anampiga yeye vilevile. Miezi mitatu baada ya harusi ile simu yake ilipata sasisho la mfumo usiku, na asubuhi yake alikuwa na kazi Likoni. Nyuzi zilionekana, malaika hazikuonekana. Alifungua vitelezi akakuta `Portrait` imerudi 40, akazima akiwa bado kwenye feri.